Barua kwa Mjukuu Aliye Uskoti: Nyakati za Sala Katika Nchi ya Siku Fupi

Mjukuu wangu mpenzi,

Bibi yako kila siku huuliza kama huko Edinburgh umepata koti la kutosha, nami nakuarifu kwamba barua yako ya Desemba imewasili, nami nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesita pale ulipoandika kuwa ulirudi kutoka chuoni saa kumi, ukatawadha, ukatandika mswala ili usali alasiri, na ulipotazama dirishani ukakuta usiku umekwisha ingia; na kwamba tangu siku hiyo umekuwa ukizikusanya sala za mchana na kuzilipa zote usiku kabla ya kulala. Sikukasirika. Nilihuzunika, walakini nilitambua papo hapo kwamba kosa si la moyo wako bali la saa uliyotoka nayo Unguja, nami niliyetumia umri wangu katika elimu ya falaki ningalikufundisha haya kabla hujapanda ndege.

Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta tumelelewa na jua lisilobadilika sana. Mwezi wa Desemba, jua linapofika kati ya mbingu, kijiti cha shubiri moja ukikisimamisha hapa uani hutoa kivuli kisichofika theluthi ya shubiri, na kutoka wakati huo hadi alasiri hupita kama saa tatu na nusu, hata mtu akachelewa kazini, akala, akalala kidogo, na adhuhuri yake bado imo mkononi. Huko uliko, siku ya tarehe 21 Desemba jua la mchana halipandi juu ya upeo wa macho ila nyuzi kumi na nusu hivi, na kijiti kile kile hutoa kivuli cha shubiri tano na theluthi. Nawe wajua kwa madhehebu yetu ya Kishafii kwamba alasiri huingia kivuli kinapozidi kile cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe: basi ongeza shubiri moja tu, ziwe sita na theluthi, na alasiri imeingia. Kivuli kirefu namna hiyo, cha jua lililolala chini, hurefuka upesi mno.

Tufanye hesabu pamoja kwa siku hiyo. Gazeti la huko litakwambia kwamba jua huchomoza saa mbili na dakika 42 asubuhi na kuchwa saa tisa na dakika 40. Chukua nusu ya muda ulio baina ya mawili hayo, utapata saa sita na dakika 11, na hapo ndipo jua huwa katikati. Likishapinduka kidogo, adhuhuri imeingia. Alasiri kwa kanuni ya kivuli niliyokueleza huingia kama saa saba na dakika 27, yaani baina yake na adhuhuri ni saa moja na robo, si zaidi. Umeniandikia kuwa darasa lako la mchana hukoma saa saba na la pili huanza saa nane. Tazama basi! Ukitoka saa saba una dakika 27 za kusali adhuhuri ndani ya wakati wake, na ukingoja kidogo mahali pale pale, alasiri nayo yaingia, unaisali, na unarudi darasani hujachelewa. Saa ile ile moja uliyokuwa ukiinywea chai yakutosha sala mbili, na chai pia.

Magharibi nayo isikutie wasiwasi, kwani ukitoka darasani saa kumi jua limekuchwa kwa dakika ishirini tu, na wekundu wa shafaki wabaki mbinguni kwa muda mrefu. Isha haiingii ila karibu na saa kumi na mbili, saa ambayo sisi huku ndiyo kwanza tunajiandaa kwa magharibi. Alfajiri nayo, ambayo ndiyo nzito kwa vijana, majira hayo huchelewa hata ipite saa kumi na mbili ya asubuhi, na jua halitoki mpaka baada ya saa mbili na nusu.

Umeuliza kama wewe si msafiri, ili uzifupishe na kuzijumuisha. Mwanangu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri katika madhehebu yetu, nawe umenuia miaka mitatu. Najua wako wanavyuoni walioruhusu kujumuisha kwa haja ya dhati ingawa mtu yu mjini, nami sikufungii mlango huo siku ya mtihani uliopangwa juu ya nyakati zote mbili. Lakini haja haiwi ada. Na kama zipo sala ulizoziacha na hujazilipa, zilipe moja moja, kila siku pamoja na faradhi yake, upate kuzihesabu.

Mashaka yaliyo makubwa zaidi yatakujia mwezi wa Juni, na hayo wengi hawayatazamii, kwa kuwa hudhani siku ndefu ni wepesi mtupu. Jua litakuchwa saa nne na dakika 2 za usiku kwa saa ya kiangazi ya huko, na litachomoza saa kumi na dakika 26, na katikati ya usiku halitazama chini ya upeo ila nyuzi kumi na nusu, ilhali shafaki haiondoki mpaka lizame kama nyuzi 17 au 18. Utangoja giza, na giza halitakuja. Usidhani u wa kwanza kupatwa na hayo: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, asimulia kuwa katika mji wa Bulghari, kando ya mto Volga, alisali magharibi akafuturu, na baada ya isha, tarawehe na witri alfajiri ikachomoza, na ingawa wako wanaotia shaka kama kweli alifika huko, hali anayoieleza ni ya kweli.

Wako waliosema kwamba pasipo na wakati hapana faradhi. Wetu hawakusema hivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaja siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, masahaba walimuuliza kama sala za siku moja zitatosha, naye akawaamuru wakadirie. Na Imamu Nawawi akafundisha kwamba watu wasiopotewa na shafaki wakadirie kwa nchi iliyo karibu nao ambayo yapotea, na waliomfuata wakafafanua kwamba makadirio yawe kwa sehemu ya usiku. Twaa basi mji wa Bordeaux, huko Ufaransa: usiku wake wa Juni ni kama saa nane na dakika 20, na shafaki huondoka baada ya saa mbili na dakika 20 hivi, zaidi kidogo ya robo ya usiku. Usiku wako wewe ni saa sita na dakika 24. Chukua sehemu iyo hiyo, na isha yako itaingia karibu na saa sita kasorobo. Ukiwakuta Waislamu wa mji huo wana ratiba ya hesabu nyingine, kama ya subui ya usiku, sali pamoja nao wala usishindane.

Kibla sikuelezi kwa urefu, maadamu unakumbuka tu kwamba sisi huelekea kaskazini, na wewe huko uelekee kusini mashariki.

Siku ya kwanza ya jua utakayoipata, simamisha kalamu yako juu ya meza ya dirishani, upime kivuli saa sita na robo, uniandikie kimekuwa kalamu ngapi na tarehe ngapi. Nami nitakukokotolea alasiri ya siku hiyo na kukurudishia kwa posta, tuone kama hesabu zetu zitakutana.

Babu yako,
Unguja