Jedwali la Kiebrania kwa msomaji wa Kiswahili: lipi lina nafuu?

Mwalimu anayefundisha Kiebrania cha Biblia kwa Kiswahili hulazimika kutengeneza jedwali lake mwenyewe, kwa kuwa yaliyo mengi sokoni yana maana za Kiingereza. Gharama yake hutegemea zaidi namna ya kuyapanga maneno kuliko programu anayotumia.

Kuna mipango miwili. Wa kwanza ni wa mnara: neno la Kiebrania juu, chini yake matamshi kwa herufi zetu, kisha maana, kisha uchanganuzi, na minara hiyo hufuatana kutoka kulia kwenda kushoto. Wa pili ni wa neno moja kwa kila safu, hivi:

| Kiebrania | Matamshi | Maana | Uchanganuzi |
|---|---|---|---|
| כָּתַב | katav | aliandika | kt., Kal, timilifu, n3 me. um. |
| הַמֶּלֶךְ | hammelekh | mfalme | kibainishi + nm. me. um. |
| סֵפֶר | sefer | kitabu | nm. me. um. |
| טוֹב | tov | -zuri | kv. me. um. |

Tupime karatasi. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande unabakiza upana wa sentimita 16 na kimo cha 24.7. Minara mitano kwa mstari, kila mmoja ukichukua kimo cha sentimita 2.8 pamoja na nafasi yake, inatoa maneno 40 kwa ukurasa. Safu za sentimita 0.9 zinatoa maneno 27. Kwa hiyo somo la maneno 400 litachukua kurasa 10 kwa minara, na 15 kwa safu. Ukiwa na wanafunzi 30, tofauti ni kurasa 150 za kuchapa.

Hata hivyo, kwa wanaoanza ningelipa kurasa hizo. Mnara una upana wa sentimita 3.2 tu, na uchanganuzi wa kitenzi haukai humo bila kukatwakatwa. Tena, usipoiambia programu kwamba jedwali linaanzia kulia, minara hujipanga kinyume, na mwanafunzi husoma "tov" kabla ya "katav". Dalili ni rahisi kuiona: neno la kwanza la sentensi linakuwa kushoto kabisa. Mpango wa safu hauna hatari hiyo.

Kwenye programu hakuna sababu ya kutoa fedha. LibreOffice ni ya bure na inatosha. Fonti ya Ezra SIL nayo ni ya bure, hata kwa kitabu cha kuuza. SBL Hebrew ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Kabla ya kupeleka PDF kwa mchapaji, ifungue kwenye simu isiyo na fonti hiyo. Ukiona vijisanduku mahali pa herufi, au irabu zimehama kutoka chini ya konsonanti zake, fonti haikupachikwa ndani ya faili.

Matini yenyewe ndiyo inayowaponza wengi. Toleo la Biblia Hebraica Stuttgartensia lina haki zake na huwezi kulinakili upendavyo. Matini ya Westminster Leningrad Codex iko huru, na mradi wa Open Scriptures umeiongezea uchanganuzi kwa leseni ya CC BY 4.0: unaruhusiwa kuutumia hata kuuuza, mradi uwataje wenyewe. Uchanganuzi huo huja kwa misimbo. Kitenzi "katav" huandikwa:

```
HVqp3ms
```

Yaani Kiebrania, kitenzi, Kal, timilifu, nafsi ya 3, kiume, umoja. Badilisha misimbo hiyo kwa vifupisho vya Kiswahili kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, na utaokoa kazi nyingi ya mkono.

Lakini usiokoe kwenye uchanganuzi wenyewe. Mbadilishe mfalme awe malkia, na kitenzi kinakuwa כָּתְבָה, "katevah", ilhali maana yake kwa Kiswahili inabaki ileile, "aliandika". Kiswahili hakitofautishi kike na kiume hapo, kwa hiyo ni "ke." peke yake kwenye uchanganuzi inayomwonyesha mwanafunzi kwa nini neno limebadilika. Kivumishi nacho kiandikwe "-zuri" badala ya "kizuri", kwa sababu "ki-" ni ya ngeli yetu na haimo katika Kiebrania. Na kibainishi "ha-" kisitafsiriwe "yule". Hakionyeshi kwa kidole.

Matamshi yafuate tahajia yetu: sh, kh, y. Ongeza alama moja tu, ḥ kwa herufi ח, isichanganywe na ה wala כ.

Kwa darasa la mwaka wa kwanza, chukua safu, LibreOffice na Ezra SIL. Minara iwasubiri wale ambao tayari wanasoma bila kutazama matamshi. Mstari wa matamshi ukiondolewa, kila mnara unapungua kimo na karatasi inapungua zaidi.