Oili Ikichemka, Piga Hesabu Kabla ya Kununua Rejeta

Mtambo wa haidroliki ukianza kuchemka, wengi hukimbilia kununua rejeta kubwa ya oili. Tuanze na joto lenyewe linakotoka. Pampu huipa oili nguvu. Oili ikizungusha mota, nguvu hiyo hugeuka kazi. Lakini ikipenya kwenye vali na kushuka presha bila kusukuma chochote, nguvu hiyo yote hugeuka joto. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha presha iliyopotea, kwa baa, na lita zinazopita kwa dakika, kisha gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati.

Tuseme kwenye mtambo wa kokoto, mkanda unazungushwa na mota ya haidroliki. Pampu inatoa lita 60 kwa dakika, na vali ya usalama imewekwa baa 180. Mota inahitaji lita 40 tu kwa baa 120, hivyo fundi ameweka vali ya kubana mtiririko. Lita 20 zilizozidi hazina njia ila kurudi tangini kupitia vali ya usalama: 180 mara 20, gawanya kwa 600, ni kilowati 6. Zile lita 40 nazo hupoteza baa 60 kwenye vali ya kubana na mipira, yaani kilowati 4. Jumla ni 10, wakati mota inapata 8 tu!

Oili inayovuka vali ya usalama kwa baa 180 hupanda kama nyuzi 11 papo hapo. Elekeza kipimajoto kwenye bomba linalotoka hapo, utaona.

Ongeza kilowati 3 zinazopotea ndani ya pampu na mota zenyewe, tufike 13. Tangi la lita 250 husaidia kidogo sana: oili ikiwa nyuzi 60 na hewa 35, kuta zake hutoa kama nusu kilowati. Rejeta inabaki na mzigo wa kilowati 12.5.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Rejeta iliyoandikwa kilowati 20 huenda ilipimwa kwa tofauti ya nyuzi 40 kati ya oili na hewa. Kwetu tofauti ni 25 tu, kwa hiyo itatoa 12.5, bila akiba yoyote. Gawanya 12.5 kwa 25: unahitaji kilowati 0.5 kwa kila nyuzi. Vumbi la kokoto huziba mapezi ya rejeta, hivyo chukua ya 0.6. Ifunge kwenye njia ya kurudi tangini, pamoja na vali ya kuikwepa, kwa sababu oili nzito ya asubuhi yenye baridi inaweza kuipasua.

Lakini kama bajeti inaruhusu, tafuta kwanza pampu inayotoa lita 40 tu zinazohitajika. Zile kilowati 6 za vali ya usalama zitaondoka zote, dizeli itapungua, na rejeta ndogo itatosha.