Sarafu Tatu za Konda: Barua ya Kuombea Kazi ya Kubuni Gemu

Barua nyingi za kuomba kazi ya kubuni gemu huanza kwa namna moja. Mwombaji anasema amependa gemu tangu utotoni, anataja tatu au nne anazozihusudu, kisha anamalizia kwamba yeye ni mchapakazi na anajifunza haraka. Anayeisoma hapati cha kushika. Wote walioomba nafasi hiyo wanapenda gemu, la sivyo wasingeomba. Anachotafuta msomaji ni dalili kwamba mtu huyu anaweza kutunga sheria za mchezo, kuwatazama watu wakizicheza, kisha kuzibadili kwa sababu inayoelezeka.

Watu wengi huichanganya kazi hii na nyingine. Mbunifu wa gemu si lazima awe mchoraji wala mwandishi wa programu, ingawa katika studio ndogo mtu mmoja huweza kufanya yote. Kazi yake ni kuamua mchezaji anaruhusiwa kufanya nini, anapata nini akifanya, anapoteza nini akikosea, na ugumu upande kwa kasi gani. Anayeanza kazi hupewa vipande vidogo: kupanga hatua moja ya mchezo, kurekebisha namba kwenye jedwali, kuandika sheria ili mwandishi wa programu azielewe, na kukaa nyuma ya wachezaji wa majaribio akiandika wanapokwama.

Mambo hayo yote yanaweza kuonyeshwa na prototaipu moja ndogo, yaani gemu ya majaribio isiyo na mapambo, iliyotengenezwa ili kupima wazo moja. Fani yenyewe ina mfano mashuhuri. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, katika mji wa Redmond nchini Marekani, walitoa gemu iitwayo Narbacular Drop. Wazo lake lilikuwa moja: mchezaji anafungua milango miwili kwenye kuta, akiingia huu anatokea ule. Kampuni ya Valve iliiona, ikawaajiri wanafunzi hao, na wazo lao likakua hadi kuwa gemu ya Portal, iliyotoka mwaka 2007.

Lakini wanafunzi wale walipata nafasi ya kuionyesha gemu yao ana kwa ana. Mwombaji wa kawaida hana bahati hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, ila prototaipu haijiuzi yenyewe: anayeifungua huona miraba michache inayosogea kwenye kioo, na hajui mtengenezaji alikuwa akitafuta nini. Kumweleza hilo ndiyo kazi ya barua.

Tumtungie mwombaji mmoja ili tuone jinsi inavyofanyika. Ni kijana wa Dar es Salaam, na prototaipu yake inaitwa Chenji. Mchezaji ni konda wa daladala. Ana abiria wanane, nauli ni shilingi 500, na zimebaki sekunde 40 kabla ya kituo. Abiria watatu wana sarafu ya 500 kamili, watatu wana noti ya 1,000, na wawili wana noti ya 2,000. Mchezaji anagusa abiria, anapokea pesa na kurudisha chenji. Akikosa chenji, hawezi kumtoza huyo mpaka aipate kwa mwingine.

Toleo la kwanza lilimpa konda sarafu kumi za kuanzia. Ukipiga hesabu, wenye noti ya 1,000 wanadai sarafu moja kila mmoja, jumla tatu. Wenye noti ya 2,000 wanadai sarafu tatu kila mmoja, jumla sita. Kwa hiyo chenji yote ni sarafu tisa, na konda ana kumi. Hata akitoza kwa kufumba macho atafaulu. Kuna kugusa kioo, lakini hakuna uamuzi, na mchezo usio na uamuzi ni kibarua.

Toleo la pili lilimpa sarafu tatu tu. Sasa akianza na mwenye 2,000 anabaki mikono mitupu, na hata akizikusanya sarafu za wale watatu, mwishoni itampungua moja. Akianza na wenye sarafu anakuwa na sita. Akifuata wenye 1,000 anabaki na sarafu tatu na noti tatu. Halafu anawarudishia wenye 2,000 noti moja na sarafu moja kila mmoja, na kazi inaisha. Mpangilio umekuwa na maana. Ila tatizo jingine likatokea: jibu sahihi ni lilelile kila mara, na mchezaji akishalijua hafikiri tena.

Toleo la tatu likaongeza sheria moja. Abiria wawili kati ya wanane wanashuka kituo kinachofuata, na wamevaa shati jekundu. Asiyetozwa anashuka na nauli yake. Sasa mwenye 2,000 anaweza kuwa ndiye anayeshuka mapema, na konda lazima achague: ammalizie sarafu zake zote, au akimbilie kukusanya nyingine huku muda unayoyoma? Hapo gemu imezaliwa. Sasa tuisome barua yake, tukiruka anwani na salamu.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MBUNIFU WA GEMU, NGAZI YA KUANZIA

Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Nimetengeneza prototaipu iitwayo Chenji, ambamo mchezaji ni konda anayetakiwa kutoza abiria wanane kabla ya kituo akiwa na sarafu chache za kurudishia. Inachezwa kwa dakika mbili kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, bila kupakua kitu. Linki nimeiweka chini ya jina langu.

Tangazo lenu linataka mtu wa kusawazisha ugumu na kusimamia majaribio ya wachezaji. Nitaeleza uamuzi mmoja unaogusa mambo hayo mawili.

Mwanzoni konda alikuwa na sarafu kumi. Nilitarajia wachezaji wachague nani wa kumtoza kwanza, lakini wote niliowachezesha walitoza kuanzia kiti cha mbele hadi cha nyuma, na wote walifaulu. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba chenji yote ni sarafu tisa, hivyo mpangilio wowote ungetosha. Nikazipunguza hadi tatu. Wakaanza kuwatafuta wenye sarafu kwanza, lakini baada ya raundi chache kila mtu alirudia mpangilio uleule. Ndipo nikaongeza abiria wawili wanaoshuka mapema. Tangu hapo wachezaji wawili wanaotazama basi lilelile huwa hawakubaliani nani aanze, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kasoro iliyobaki ni kwamba mchezaji mpya haelewi maana ya shati jekundu mpaka abiria wa kwanza ashuke bila kulipa. Nikipata muda ningeweka raundi ya kwanza yenye abiria watatu tu, mmoja wao akiwa na shati hilo.

Sheria, hesabu na majaribio nimefanya mwenyewe. Programu nimeiandika kwa Godot. Picha ni za bure kutoka Kenney, na sauti ya injini alinirekodia rafiki yangu. Niko tayari kwa usaili au kwa zoezi lolote la kubuni mtakalonipa.

Barua hii inaenea kwenye ukurasa mmoja. Muundo wake ni ule tuliofundishwa shuleni, lakini aya ya kwanza haikupotezwa kwa kusema barua yahusu nini wakati kichwa cha habari kimeshasema. Imeingia moja kwa moja kwenye kitu kilichotengenezwa, muda wa kukicheza na mahali pa kukicheza.

Aya ya pili imefungwa kwenye tangazo la kazi. Prototaipu hiihii ingeweza kuelezwa vingine. Kama studio ingetafuta mtu wa kupanga hatua, mwombaji angeeleza jinsi basi la kwanza, la pili na la tatu linavyomfundisha mchezaji jambo moja moja. Kama ingetafuta mwandishi wa hadithi, huenda Chenji isingefaa kabisa, na angelazimika kutengeneza nyingine, pengine kwa Twine, ambayo imeundwa kwa hadithi za kuchagua njia.

Moyo wa barua ni aya ya tatu. Ina mambo manne yanayofuatana: alichotarajia, walichofanya wachezaji, alichobadili, na kilichotokea baada ya hapo. Mbunifu mzoefu anayeisoma anaweza kuipima kwa kalamu, maana namba zipo. Angeandika kwamba gemu yake ina uchezaji wa kusisimua na wenye mvuto, hakuna ambaye angeweza kuthibitisha wala kukanusha.

Aya ya kasoro huwatia hofu waombaji wengi. Wanaona ni kujichongea. Lakini atakayeicheza Chenji ataligundua tatizo la shati jekundu mwenyewe ndani ya dakika ya kwanza. Likiwa kwenye barua pamoja na dawa yake, anajua mwombaji naye ameliona. Lisipokuwepo, hana njia ya kujua. Ila kasoro moja inatosha. Orodha ndefu inaonyesha kazi iliyotumwa kabla ya kuiva.

Aya ya mwisho inagawa sifa kwa haki, na hilo si adabu tu. Gemu nyingi za kwanza hutengenezwa na kikundi, na katika usaili mwombaji ataulizwa kwa undani kuhusu sehemu aliyodai ni yake. Aliyesema tumetengeneza pamoja bila kutaja chake ataonekana hana chake. Picha za bure nazo hazina aibu yoyote katika nafasi hii, mradi zitajwe, kwa kuwa kinachopimwa ni sheria.

Barua nzuri inaweza kuuawa na linki. Faili la kupakua na kusakinisha litaachwa na wengi, kwa sababu ya muda na kwa hofu ya virusi. Njia nyepesi ni kuhamisha gemu kwenda HTML5, jambo ambalo Godot na Unity zote zinaliweza, na kuiweka kwenye itch.io ili ifunguke ndani ya kivinjari. Hakikisha ukurasa wenyewe umewekwa wazi kwa umma, maana ukurasa ulioachwa kama rasimu hufunguka kwako uliyeingia kwa akaunti yako na kumkatalia kila mtu mwingine. Ongeza video fupi ya mchezo ukichezwa, kwa ajili ya msomaji mwenye intaneti dhaifu.

Asiyejua kuandika programu naye hajafungiwa mlango. Chenji ingeweza kutengenezwa kwa kadi za karatasi, vifuniko vya soda badala ya sarafu, na saa ya simu. Hesabu zisingebadilika, na majaribio yangefanyika mezani. Angepiga picha za meza, angeandika sheria kwenye ukurasa mmoja, na aya ya tatu ya barua ingebaki karibu neno kwa neno.

Kabla ya kuituma, mpe barua na linki mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, aifungue kwenye simu yake, nawe ukae kimya. Akicheza hadi mwisho bila kukuuliza kitu, kisha akakwambia kwa maneno yake ulibadili nini na kwa nini, itume. Akishindwa, rekebisha kwanza.