Mashini ya kupima unyevu inasema 13,5. Je, tanuri linasema nini?

Mwezi wa tano na wa sita, muhindi unapoanza kuingia katika madepo ya koperative pembeni ya Lubumbashi, bishano moja linarudi kila mwaka. Memba analeta mifuko yake, mwenye depo anatia mbegu ndani ya mashini, namba inatokea: 13,5 kwa mia. Mfuko unapokelewa. Kisha mnunuzi anakuja na mashini yake mwenyewe, anapima mfuko ule ule, anapata 15. Hapo kila mtu anaanza kumshuku mwenzake, na kumbe hakuna aliyedanganya. Mashini ndizo hazisemi sawa, na hakuna aliyezilinganisha na kipimo cha kweli.

Kipimo cha kweli ni kukausha mbegu katika tanuri, lile ambalo wengi wetu tunaliita furu, na kuona uzito gani umepotea. Ni kazi ya siku tatu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuifanya mbele ya kila mfuko. Lakini tukiifanya mara moja au mbili kwa mwaka, tunajua mashini yetu inakosea kiasi gani, na kosa linalojulikana halina hasara.

Kwanza tuelewe kwa nini mashini inakosea. Nyingi kati ya hizi mashini ndogo za mkono, zile zenye kikombe unachomiminia mbegu nzima, hazioni maji. Zinapitisha umeme mdogo kati ya kuta za kikombe na kupima namna mbegu zinavyouhifadhi. Maji yanahifadhi umeme mara nyingi kuliko mbegu kavu, basi mashini inakadiria: umeme mwingi, maji mengi. Ila namba hiyo inabadilika pia kwa mambo mengine. Mbegu zikishikana sana ndani ya kikombe, mashini inaona vitu vingi na kusema unyevu ni mwingi. Mbegu zikiwa baridi, namba inashuka. Na kila zao lina ukubwa wake, mafuta yake na nafasi zake za hewa kati ya mbegu. Kiwanda kiliweka hesabu ya muhindi kwa kutumia muhindi wa kwao, si lazima ule tunaolima hapa.

Sasa tuende kwenye tanuri. Kwa muhindi wa mbegu nzima, kanuni ya ASABE S352.2 ambayo laboratwari nyingi zinafuata ni digri 103 za selsiasi kwa masaa 72. Lazima liwe tanuri la laboratwari lenye kushikilia joto. Tanuri la mkate halifai: linapanda na kushuka, na likipita kiasi linaunguza mbegu, hata vitu visivyo maji vinatoka na kuhesabiwa kama maji. Koperative haina haja ya kununua tanuri. Kinachotakiwa ni kupatana na laboratwari ya kilimo, na kuwapelekea mbegu zikiwa katika chupa au mfuko mzito wa plastiki uliofungwa sawasawa. Mbegu zilizosafiri siku mbili katika mfuko wa karatasi si mbegu tena mlizopima asubuhi ile.

Balansi nayo ina maneno yake. Tukipima gramu 15 za mbegu, balansi lazima ionyeshe hadi sehemu ya mia ya gramu. Ukiwa na ile ya jikoni inayoruka gramu moja moja, kosa la gramu moja juu ya gramu 15 ni karibu pointi 7. Hapo umepima balansi, hukupima muhindi.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Kutoka mfuko mmoja tunachota mbegu juu, katikati na chini, tunazichanganya vizuri, halafu tunazigawa mafungu mawili: moja kwa mashini, moja kwa tanuri. Kopo dogo la chuma lenye kifuniko, likiwa tupu, lina gramu 24,10. Pamoja na mbegu lina gramu 39,25. Basi mbegu ni gramu 15,15. Tunafungua kifuniko, tunaweka kopo katika tanuri. Baada ya masaa 72 tunalifunga mara moja, tunaliacha lipoe ndani ya chombo kikavu chenye silika jeli, kisha tunapima: gramu 37,00. Kupoa huko si mapambo. Kopo la moto linainua hewa na kuifanya balansi icheze, na kopo lililoachwa wazi linavuta unyevu wa chumba.

Kilichopotea ni gramu 2,25. Hesabu ni hii:

unyevu = (uzito uliopotea ÷ uzito wa mbegu kabla ya kukausha) × 100

2,25 ÷ 15,15 × 100 = 14,85

Angalia vema unagawa kwa uzito gani. Wengine wanagawa kwa uzito wa mbegu kavu, na namba inapanda: hapa ingekuwa 17,4. Biashara ya nafaka inatumia uzito wa kabla ya kukausha, na mashini pia.

Hatuweki kopo moja, tunaweka matatu. Tuseme yale mengine yametoa 14,99 na 14,80. Wastani ni 14,9. Makopo yakipishana zaidi ya nusu pointi, mbegu hazikuchanganywa sawa au kifuniko kimoja hakikufunga, na kazi inarudiwa.

Na umeme ukikatika katikati ya masaa 72? Hapa kwetu hilo si swali la kitabuni. Tusifungue mlango, tuandike saa. Umeme ukirudi, tuongeze yale masaa yaliyopotea, halafu tupime, turudishe makopo masaa mengine machache na kupima tena. Uzito ukiwa haushuki tena, maji yameisha. Ukiendelea kushuka, bado.

Fungu la pili ni la mashini. Tunapima mara tano, kila mara tukimwaga mbegu zote na kumimina upya, kutoka urefu ule ule, bila kugonga kikombe wala kushindilia. Tunapata 13,6, 13,4, 13,7, 13,5 na 13,3. Wastani 13,5. Tanuri limesema 14,9. Mashini iko chini kwa 1,4.

Pointi 1,4 inaonekana ndogo. Lakini muhindi wa 13,5 unaweza kukaa deponi, na ule wa karibu 15 unaanza kupata joto na kuota ukungu katikati ya lundo, mahali ambapo jicho halifiki. Kenya, mwaka 2004, muhindi uliohifadhiwa na unyevu katika sehemu za Makueni na Kitui uliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, 125 wakafariki. Tena kuna hesabu ya kilo: koperative iliyonunua kilo 1000 za muhindi wa 14,9 na kuukausha hadi 13,5 inabaki na kilo 984. Kilo 16 za maji zimelipiwa bei ya muhindi.

Mfuko mmoja hautoshi kusahihisha mashini. Tunatafuta mifuko mitano yenye unyevu tofauti, na njia bora ni kuichukua kwa memba walio katika hatua mbalimbali za kukausha. Kunyunyizia maji mbegu kavu kunawezekana, ila maji yanachukua siku kadhaa kuingia hadi kati ya mbegu, na ukipima mapema mashini inaona ngozi iliyolowa tu. Shida hiyo inakuja pia kwa upande mwingine: mbegu zilizotoka sasa hivi juani zina ngozi kavu na moyo wenye maji, mashini inasoma chini. Ziache usiku mmoja zimefungwa kwanza.

Tuseme mashini imetoa 11,2, 12,3, 13,5, 15,1 na 17,0. Tanuri limetoa 12,4, 13,7, 14,9, 16,4 na 18,5. Tofauti ni 1,2, 1,4, 1,4, 1,3 na 1,5. Hazitoki mbali na 1,4. Basi kwa muhindi tunaongeza 1,4 juu ya kila namba. Mashini nyingi zina kitufe cha kuingiza sahihisho hilo. Yako ikikosa, bandika karatasi juu ya mashini na uandike kwa wino. Lakini usifanye yote mawili, maana mtu wa zamu ataongeza mara mbili.

Kama tofauti ingekuwa 0,3 kwa mfuko mkavu na 2,5 kwa mfuko wenye maji, sahihisho moja lisingefaa. Ungehitaji jedwali la namba kwa namba. Na kama tofauti zingeruka ovyo, juu na chini, tatizo ni mashini yenyewe: kikombe kichafu, betri dhaifu, au mkono unaomimina kila siku namna yake.

Sasa maharagi. Hapa ndipo tunaona makosa mengi: mtu anachukua sahihisho la muhindi na kulitia kwenye maharagi. Tunachagua kwanza zao la maharagi kwenye mashini, tunarudia kazi yote, na tanuri ni lile lile, digri 103 kwa masaa 72. Tuseme mashini imetoa 14,2, 15,3 na 16,8, na tanuri 13,5, 14,7 na 16,3. Safari hii mashini iko juu, kwa wastani wa 0,6. Sahihisho ni kutoa 0,6. Aliyeongeza 1,4 ya muhindi amekosea kwa pointi 2, na amemrudisha nyumbani memba mwenye maharagi makavu. Maharagi makubwa na yale madogo yanajaa kikombe kwa namna tofauti, kwa hiyo kama depo inapokea yote mawili, tuyapime mbali mbali.

Karanga zina sheria yake kabisa. Kwa sababu ya mafuta, karanga iliyomenywa inatakiwa kushuka hadi karibu 7 kwa mia; karanga ya 13 inaoza wakati muhindi wa 13 unakaa vizuri. Usipime karanga kwa namba ya muhindi, usipime ikiwa na maganda. Njia ya tanuri ya karanga nayo si ile ya muhindi, tuwaachie laboratwari waichague.

Neno la mwisho ni la baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Lubumbashi ni baridi kweli. Mashini iliyolala nyumbani na mbegu zilizolala deponi hazina joto moja, na hesabu ya joto ndani ya mashini inachanganyikiwa. Viweke pamoja nusu saa kabla ya kupima. Kati ya kazi moja ya tanuri na nyingine, weka chupa ya kioo iliyojaa muhindi ulioupima, imefungwa kabisa, mahali penye kivuli. Kila Jumatatu pima muhindi wa chupa ile, haraka, na uurudishe. Namba ikihama zaidi ya nusu pointi, safisha kikombe, badilisha betri, pima tena. Ikibaki imehama, mifuko mitano irudi laboratwari. Chupa yenyewe ibadilishwe kila mwezi, maana kila ukiifungua muhindi wake unabadilika kidogo.