Bukavu: Tovuti yasema «ujumbe umetumwa», lakini hakuna kinachofika

Mwenye nyumba moja ya wageni mjini Bukavu, Kivu ya kusini, aliamini kwamba wateja wamepungua kwa sababu ya hali ya mji. Kwa miezi mitano, hakuna ombi hata moja la chumba lililoingia kupitia tovuti yake. Kumbe walikuwa wakiandika. Alijua hayo siku mgeni wa Bujumbura alipompigia simu kumuuliza mbona hajibu.

Kijana aliyetengeneza tovuti hiyo ya WordPress amehamia Kampala. Sasa binti wa mwenye nyumba ndiye anaipitia, nusu saa kila jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Anaanza na nakala. Kwa kutumia UpdraftPlus, anahifadhi data pamoja na folda ya wp-content, kisha anaishusha kwenye flashi. Nakala iliyobaki kwenye seva ileile haimsaidii mtu seva ikiharibika ama akaunti ikifungwa kwa deni. Ndipo anafungua «Mises à jour» na kusasisha programu moja moja, huku akiangalia tovuti kila mara kwenye dirisha la siri la kivinjari. Ukisasisha kumi kwa pamoja na ukurasa ukabaki mweupe, hutajua ni ipi imeleta shida.

Baada ya hapo anajaza fomu ya mawasiliano kama mteja, akitumia anwani nyingine ya barua pepe. Hapa ndipo tatizo lilijificha. Fomu ilijibu vizuri kwamba ujumbe umetumwa, lakini maana yake ni kwamba seva imeupokea tu, si kwamba umefika. Ilikuwa inatuma kwa kuweka anwani ya mteja mwenyewe kama mtumaji. Upande wa kupokea unaona barua inayodai kutoka kwa mteja, ila imetoka kwenye seva isiyoruhusiwa, na inaihesabu kuwa ya uongo. Tangu Februari 2024, Gmail imekaza masharti hayo zaidi.

Walisahihisha kwa kuweka anwani ya tovuti yenyewe kama mtumaji, ya mteja ikabaki kwenye sehemu ya kujibu tu, na barua zikapitishwa kwa WP Mail SMTP. Jaribio hilo linafanywa mwishoni, baada ya kusasisha, kwani hata sasisho laweza kuvunja fomu iliyokuwa nzima.

Limebaki jina la tovuti. Wauzaji wa majina ya .com hutakiwa kutuma ukumbusho karibu mwezi mmoja, kisha karibu wiki moja kabla ya muda kuisha. Kwetu, ambako kadi ya benki mara nyingi ni ya kuazima, malipo ya kujiendesha si ya kutegemea. Na ukumbusho wote ulikuwa unaenda kwa yule kijana wa Kampala. Binti alipoingia kubadilisha anwani, alikuta zimebaki siku 19.