Miaka 34 si deni

Baada ya ibada dada zetu waliopita miaka 30 bila kuolewa husikia swali lile lile: "Dada, tutakula wali wa arusi lini?" Anayeuliza hucheka, lakini anayeulizwa hurudi nyumbani na mzigo.

Tuchukue mfano wa dada mwalimu wa miaka 34 huko Butembo. Mfanyabiashara mwenye mke anamtaka. Anaahidi kumpangishia nyumba na kupeleka mbuzi kwa wazazi. Shangazi anasema: "Mwanangu, miaka inakwenda. Angalau uitwe mke wa mtu."

Tuangalie anachopewa kwa kweli. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, hairuhusu mtu kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjika. Hata wazazi wakipokea mbuzi, kizuizi hicho kinabaki. Bwana huyo akifa, mjane anayetambuliwa katika urithi ni mke wa kwanza. Watoto wa dada watarithi ikiwa baba aliwatambua kisheria angali hai, lakini dada mwenyewe hana haki ya mjane. Heshima aliyoahidiwa inategemea tu mapenzi ya mtu mmoja.

Basi tunamshauri ajiulize: kama ningekuwa na miaka 24, ningemkubali huyu? Je, yuko huru kuoa, na jamaa yake na kanisa lake wanathibitisha hivyo? Je, anakubali tuandikishwe komini? Ikiwa majibu ni hapana, na bado moyo unataka kusema ndiyo kwa sababu ya umri, hapo hofu ndiyo inayochagua.

Hatusemi kwamba kutamani mume na watoto ni udhaifu. Dada anaweza kuombea jambo hilo na kulia kwa ajili yake. Lakini katika 1 Wakorintho 7:25 Paulo anakiri kwamba kuhusu wasioolewa hana amri ya Bwana, anatoa shauri tu. Kwake anayeoa hatendi dhambi, naye anayebaki peke yake hapungukiwi. Kama mtume hakuweka amri, sisi tunaitoa wapi? Mwanamke aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na cheo hicho hakingojei mahari.

Kosa letu sisi makanisa linaonekana hata kwenye viti. Binti wa miaka 20 aliyeolewa tunamketisha na akina mama, na mwalimu wa miaka 34 tunamwacha na vijana, kana kwamba hajakua. Wachungaji na wazee, tumwulize yeye mwenyewe anataka kutumika wapi. Na ninyi shangazi na mama wadogo, mtu mwenye mke akibisha mlangoni, msaidieni dada kukataa. Akisema hapana, asirudi nyumbani kwenu kama mwenye kosa.