Barua ya Kusogeza Likizo

Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, lakini tarehe ya kuianza hupangwa na mwajiri. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo. Mwajiri anaweza kuamua zichukuliwe lini, mradi isipite miezi 6 tangu mzunguko wa likizo uishe. Kwa hiyo meneja anayekataa ombi anasogeza deni tu, na barua yake ionyeshe litalipwa lini.

Tuchukue mhasibu wa kampuni inayofunga hesabu Juni 30. Ameomba likizo kuanzia Juni 15 hadi Julai 12, na mzunguko wake unaisha Julai 31. Meneja anamwandikia:

*YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA*

*Ndugu,*

*Rejea barua yako ya tarehe 4 Mei yenye kichwa tajwa hapo juu.*

*Nasikitika kukufahamisha kuwa ombi lako la likizo ya Juni 15 hadi Julai 12 halikukubaliwa, kwa kuwa ni kipindi cha kufunga hesabu za mwaka, na wewe ndiye unayelinganisha vitabu vyetu na taarifa za benki. Badala yake unaweza kuchagua Julai 20 hadi Agosti 16, au Septemba 7 hadi Oktoba 4. Siku zako zote 28 zinabaki palepale.*

*Tafadhali nijulishe chaguo lako kabla ya Mei 15. Kama una jambo la kifamilia lisiloweza kusubiri, tuonane mapema.*

Jibu limetolewa waziwazi katika sentensi ya pili, mara tu baada ya rejea, wala halikufichwa nyuma ya maneno kama "ombi lako linafanyiwa kazi", ambayo humfanya mtu akate tiketi ya basi akidhani amekubaliwa. Sababu nayo imetaja kazi yenyewe. Meneja akiandika "majukumu ni mengi" tu, mhasibu atajiuliza kwa nini mwenzake ameruhusiwa mwezi huohuo.

Tarehe mbadala zinahitaji kuhesabiwa. Kila kipindi hapo juu kina siku 28 kamili, na vyote viwili vinaisha kabla ya Januari 31, ukomo wa miezi 6. Kabla ya kuziandika, meneja ahakikishe yupo wa kukaimu, asije akalazimika kuzifuta.

Mwaliko wa kuonana una kazi yake pia. Huenda kuna harusi ya mdogo wake ambayo tarehe yake haisogezwi, na hilo halionekani kwenye fomu. Msiba wa mzazi ni suala jingine kabisa: sheria imeuwekea likizo yake ya malipo, na barua ya namna hii haihusiki nao.

Mfanyakazi naye ajibu kwa maandishi na abaki na nakala. Kazi ikibana tena hadi ukomo ule ukaribie, likizo inaweza kusogezwa mpaka miezi 12 baada ya mzunguko kwisha, lakini hapo mahitaji ya kazi pekee hayatoshi: ni lazima mfanyakazi mwenyewe aridhie.